Mafuta kabla ya boti: idara ya afya ilivyoomba nyongeza ya bajeti Lamu

Kisa hiki ni cha mfano. Idara, tarakimu za pesa na majibizano ya kikaoni nimeyapanga mwenyewe ili hoja ionekane. Sheria, tarehe za bajeti na jiografia ya Lamu ndivyo zilivyo.

Kutoka kisiwa cha Pate kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu, Amu kwa wenyeji, hakuna barabara. Mgonjwa anayeizidi nguvu hospitali ya Faza hubebwa kwa maji, na maji yenyewe yana masharti yake. Njia ya ndani hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao maji yakitoka huenda usipitike kwa boti kubwa. Wakati huo nahodha ama angoje maji yajae, ama azunguke nje ya Manda, na msimu wa kusi kule nje bahari huwa imechafuka. Kwa hiyo safari moja ya mgonjwa haina bei moja. Hilo liwekwe akilini, maana litarudi mbele ya kamati.

Idara ina boti mbili za wagonjwa, kila moja na mashine mbili za nguvu farasi 40. Fungu la huduma hii kwa mwaka ni shilingi milioni 4: mafuta milioni 1.8, matengenezo laki 4, mishahara ya manahodha watatu wa mkataba milioni 1.26, bima na leseni laki 4, na vifaa vya ndani ya boti 140,000. Kwa kaunti nzima hizo ni senti. Lakini mwezi Februari afisa mkuu wa afya aliingia mbele ya Kamati ya Afya ya bunge la kaunti akiomba nyongeza ya milioni 18, na kamati ikamrudisha na karatasi zake.

Februari ndio mwezi wenyewe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, hazina ya kaunti hupeleka Taarifa ya Sera ya Fedha bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na bunge lina siku 14 za kuipitisha. Humo ndimo unamowekwa ukomo wa matumizi wa kila idara. Makadirio yenyewe huja kufikia 30 Aprili, na hapo watu wengi ndipo huanza kuomba. Wakati huo mlango umebaki kiupenyo tu: kanuni za kaunti za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, fungu la idara lisipande wala kushuka zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake, na sheria inadai kila kinachoongezwa mahali kipunguzwe mahali pengine. Tuseme fungu lote la afya ni milioni 900. Asilimia 1 ni milioni 9, na hizo milioni 9 zinagombaniwa na zahanati zote, dawa zote na kila wadi. Afisa mkuu alikuja kwa wakati, na kwa hilo anastahili sifa. Tatizo lilikuwa kile alichokuja nacho.

Pendekezo la kwanza lilikuwa na vitu kumi na kimoja, kimoja chini ya kingine, vyote vikiitwa muhimu. Boti mpya milioni 12 ndiyo iliyokuwa juu. Mafuta yalikuwa nambari saba, katikati ya kompyuta na semina ya wahudumu. Sababu iliyoandikwa mbele ya kila kitu ilikuwa karibu ile ile: kuboresha huduma za dharura kwa wakazi wa visiwani. Mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo ukimfahamu mtu wa visiwani utajua lingekuja tu.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, boti mbili wanazo, na moja iko ufuoni yapigwa na jua. Hiyo ya tatu wataka kuipeleka wapi?”

Jibu halikupatikana. Mjumbe mwingine akaigeuza meza kabisa. Alikuwa amesoma kiambatisho, na humo aliona kwamba mwaka wa fedha uliopita safari za kubeba wagonjwa zilikuwa 26 kwa mwezi kuanzia Julai hadi Januari, kisha zikashuka hadi 11 kwa mwezi kuanzia Februari hadi Juni. “Haja yapungua,” akasema, “nyinyi mwaomba kuongezwa.” Kwa karatasi iliyokuwa mbele yake, alikuwa na haki. Tarakimu ambayo ingeiokoa idara ndiyo iliyotumika kuipiga, kwa sababu idara iliiweka kwenye kiambatisho bila kuieleza.

Basi tuihesabu, kwa kuwa kila kitu kingine kinategemea hesabu hii. Safari ya Faza na Amu, kwenda na kurudi, kitabu cha mashine kinaonyesha wastani wa saa mbili. Mashine mbili za farasi 40 kwa mwendo wa kawaida, boti ikiwa na mgonjwa, muuguzi na jamaa, hula kama lita 25 kwa saa. (Kanuni ya mabaharia ni kwamba mashine ya petroli ikikazwa hadi mwisho hula karibu lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10, kwa hiyo 80 zingekula zaidi kidogo ya 30. Takwimu ya 25 haijatiwa chumvi.) Safari moja ni lita 50. Kwa shilingi 200 kwa lita, bei ambayo visiwani hupanda juu ya ile inayotangazwa kila mwezi na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa sababu ya kuvusha mapipa, safari moja ni shilingi 10,000.

Fungu la mafuta ni milioni 1.8. Gawa kwa elfu kumi, unapata safari 180. Kwa mwendo wa safari 26 kwa mwezi, safari 180 zinaisha katika mwezi wa saba. Mwaka wa fedha huanza Julai, na mwezi wa saba wake ni Januari. Ndipo safari ziliposhuka. Wagonjwa wa Pate hawakupata nafuu ghafla mwezi Februari. Tangi ndilo lililokauka. Zile safari 11 za kila mwezi zilizoendelea hadi Juni zilikwenda kwa mafuta ya kukopa, jumla safari 55, na deni la shilingi 550,000 lingali kwa muuza mafuta.

Hesabu hii ilikuwa kwenye makabati ya idara muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka kitabu cha mashine, stakabadhi za mafuta na daftari la kupokea wagonjwa la King Fahd juu ya meza moja. Kamati ilitoa wiki moja, na hilo ndilo walilolifanya. Kama safari zingeendelea kwa 26, kati ya Februari na Juni zingekuwa 130. Za boti ya idara zilikuwa 55. Pengo ni 75. Daftari la mapokezi lina safu ya “alifikaje”, na wagonjwa 61 kutoka Pate katika miezi ile mitano waliandikwa kuwa walikuja kwa boti ya kukodi au ya jamaa. Wanaobaki ni 14, na pendekezo la pili halikusema lolote juu yao, si kwamba walifariki wala kwamba walipona. Liliandika tu kwamba daftari haliwaonyeshi. Nadhani sentensi ile fupi ilifanya kazi kuliko kurasa tatu za maombi, maana wajumbe wamezoea kutishwa na vifo visivyo na ushahidi, na waliposoma idara ikikataa kuvitumia waliamini na hesabu iliyobaki.

Pendekezo la pili lilikuwa na kurasa nne. Boti mpya iliondolewa kabisa. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: mradi wa maendeleo hutakiwa uwe umeonekana kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaofika bungeni kufikia 1 Septemba, na boti hiyo haikuwamo. Kamati ingeitaka vipi, isingekuwa na mahali pa kuishikiza. Sababu ya pili ni yule mjumbe aliyeuliza juu ya boti ya ufuoni. Boti iliyolala haikulala kwa uzee. Mashine ya bahari hutakiwa huduma kila saa 100: oili ya gia, plagi, kichujio cha mafuta, na ile pangaboi ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza mashine. Pangaboi hiyo ikichakaa, utaona ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine ukidhoofika, na nahodha asipozima mapema mashine huungua. Laki 4 za matengenezo zilikuwa zimeisha kabla ya huduma ya pili ya mwaka, boti ikaendelea kufanya kazi, mashine moja ikaungua. Sasa piga picha ya boti mpya ya milioni 12 chini ya fungu lile lile la matengenezo.

Hapa kuna jambo la siasa ambalo karatasi za bajeti hazilisemi. Boti mpya huzinduliwa. Huja na utepe, na jina la mtu, na picha. Lita 50 za petroli hazina uzinduzi. Mjumbe wa wadi ya mbali, tuseme Kiunga au Faza, akirudi kwa watu wake na habari ya boti anasikilizwa. Akirudi na habari ya mafuta na plagi anaulizwa ni hayo tu? Idara ilijua hivyo, na pendekezo la kwanza liliandikwa kwa kuwafurahisha wajumbe. Hata ripoti ya ushirikishaji wa umma ilipindwa kidogo. Kwenye baraza la Faza, kumbukumbu zinaonyesha kina mama walisema boti haiji usiku. Kwenye muhtasari wa idara ikawa: wananchi wameomba boti. Pendekezo la pili lilirudi kwenye maneno yenyewe ya baraza, na ndipo ikaonekana kwamba kilio cha usiku ni kilio cha manahodha: watu watatu kwa boti mbili hawawezi kulinda zamu ya saa 24, watake wasitake.

Vipaumbele vikapangwa kwa swali moja: tusipopewa hiki, nini kinasimama, na mwezi gani? Anayejibu swali hilo kwa kila kitu hawezi kuviita vyote muhimu kwa kiasi kimoja, kwa sababu miezi haifanani.

Cha kwanza ni mafuta. Safari 26 kwa mwezi ni 312 kwa mwaka, yaani saa 624, lita 15,600, milioni 3.12. Nyongeza ni milioni 1.32. Bila hiyo mafuta yanaisha mwisho wa Januari, kama yalivyoisha mwaka uliopita na kama yalivyokuwa yameisha wakati kamati ikikaa.

Cha pili ni matengenezo. Saa 624 zikigawanywa kwa boti mbili ni 312 kila moja, kwa hiyo kila mashine itafika huduma tatu kwa mwaka. Mashine ziko nne, huduma ni 12, kila moja shilingi 45,000, jumla 540,000. Ongeza akiba ya vipuri 460,000, inakuwa milioni moja kamili, nyongeza laki 6. Bila hiyo hakuna kinachosimama siku ya kwanza. Kinachosimama ni mashine moja, mahali fulani kati ya huduma ya kwanza na ya pili, na haijulikani itakuwa wapi baharini. Wengine wangeweka matengenezo juu ya mafuta kwa sababu hiyo. Idara ilibishana humo humo ndani, ikaamua kwamba mafuta yanakatika tarehe inayojulikana na mashine haina tarehe, basi kinachojulikana kitangulie. Mimi ningeviunganisha kuwa kitu kimoja, kwani kununua mafuta ya mashine isiyotunzwa ni kununua uharibifu. Lakini hoja yao ilikuwa wazi na iliandikwa, na kamati iliweza kuipinga kama ingetaka. Hilo linatosha.

Cha tatu ni vifaa: redio ya baharini, maboya ya kuvaa ya kutosha abiria wote, machela inayofungika kwenye sakafu ya boti na chombo cha oksijeni. Nyongeza 620,000, na ni ya mara moja, mwaka unaofuata haiombwi tena. Kutaja hivyo ni muhimu kwa hazina, kwa sababu shilingi ya kila mwaka na shilingi ya mwaka mmoja haziogopwi sawa.

Cha nne ni manahodha wawili na mabaharia wawili, kila mmoja shilingi 35,000 kwa mwezi, jumla milioni 1.68. Mtu atauliza mbona kilio cha baraza kimewekwa mwisho. Ndilo eneo gumu la pendekezo lote. Mishahara ya kaunti ina ukomo wake, asilimia 35 ya mapato yote kwa kanuni za 2015, na kuajiri hupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Idara ingeomba watu kwanza, pesa zingekaa zikisubiri bodi huku boti zikikosa mafuta, na mwisho wa mwaka fungu lisilotumika lingekuwa ushahidi dhidi yao. Nahodha bila mafuta hafiki popote, ila mafuta bila nahodha wa usiku hufika angalau mchana. Uamuzi mchungu, lakini niliusoma mara mbili na sikuona mpangilio bora.

Deni la 550,000 halikupewa nafasi kwenye orodha. Malimbikizo hulipwa kabla ya mipango mipya, na kuyapanga kama kipaumbele kungefanya yaonekane ni hiari. Yaliandikwa juu, peke yake.

Jumla ikawa milioni 4.77 badala ya 18. Na chini ya jumla palikuwa na kitu ambacho pendekezo la kwanza halikuwa nacho: pesa zitoke wapi. Idara ilitaja milioni 2 kutoka ndani ya fungu lake yenyewe, milioni 1.4 kwenye masurufu ya safari na laki 6 kwenye semina, ikiandika safari zipi hazitafanyika. Kwa hiyo kilichoombwa kwa hakika kutoka nje ya idara ni milioni 2.77. Idara nyingi hukwepa hatua hii zikihofu kwamba ukionyesha pa kukata, utakatwa na usipewe. Hofu hiyo ina msingi. Hazina yaweza kuchukua milioni 2 ikashukuru na kuondoka. Ndiyo maana barua ya idara ilizifunga pamoja: makato haya ni kwa ajili ya vipengele hivi, vikikataliwa makato yanarudi.

Kikao cha pili kilichukua muda mfupi, ila swali moja lilikuwa zito. Sheria ya mwaka 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inaruhusu hospitali kubaki na mapato yake na kuyatumia. Mjumbe akauliza mbona King Fahd isinunue mafuta kwa pesa zake. Afisa mkuu alijibu kwamba sehemu kubwa ya mapato hayo ni malipo ya bima yanayokuja kwa kuchelewa na kwa viwango visivyotabirika, na kwamba mafuta ya dharura yanataka pesa ya uhakika. Hata hivyo hospitali ingebeba oksijeni ya kujaza tena kila mwezi. Jibu zuri nusu. Mjumbe angeweza kumuuliza: kama pesa ya kaunti nayo huchelewa, uhakika uko wapi? Hakumuuliza, na hapo idara ilipata bahati.

Kamati ilipendekeza mafuta, matengenezo, vifaa na deni: milioni 3.09. Manahodha waliahirishwa mpaka bodi ithibitishe nafasi na hazina ionyeshe mishahara imesimama wapi dhidi ya ule ukomo wa asilimia 35. Ukitoa milioni 2 za ndani, pesa mpya ni milioni 1.09. Kwa maombi yaliyoanza na milioni 18, mtu aweza kuona ni kushindwa. Kwa boti zinazokaukiwa mafuta kila Januari, ni miezi mitano ya safari.

Kilichobaki ni utekelezaji, na udhaifu wa pendekezo la pili umejificha hapo. Lilihesabu saa mbili kwa safari kwa mwaka mzima, lakini Julai hadi Septemba ni kusi, wakati ambao maji yakitoka Mkanda na bahari ya nje ikiwa imechafuka, saa mbili huwa tatu. Miezi hiyo hiyo ndiyo mwanzo wa mwaka wa fedha, mgao wa kutoka Nairobi mara nyingi ukiwa bado haujafika na Msimamizi wa Bajeti hana cha kuidhinisha. Yaani robo inayokula mafuta zaidi ndiyo yenye pesa kidogo. Wastani wa mwaka unaficha jambo hilo kabisa. Kinachohitajika si shilingi zaidi, ni mkataba wa mafuta usioisha 30 Juni, wenye kiwango cha robo ya kwanza kilicho juu kuliko robo nyingine, na muuza mafuta aliyelipwa deni lake la zamani kabla hajaombwa kukopesha tena. Karani wa kamati aliliandika hilo kama sharti, na idara ikapewa hadi mwisho wa Mei kuleta rasimu ya mkataba pamoja na matumizi ya mafuta yaliyogawanywa mwezi kwa mwezi.